Barua yangu ya kumpendekeza karani imerudishwa: "Haisemi alichofanya"

*Shikamoo Mama. Mimi ni meneja wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Kijana aliyekuwa karani wetu wa mapokezi ameomba kazi ya afisa ukusanyaji katika kiwanda kinachonunua zabibu zetu, akaniomba barua ya kumpendekeza. Niliandika hivi: "Napenda kuthibitisha kuwa kijana huyu ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu ya hali ya juu. Anashirikiana vizuri na wenzake na ni mtu wa kutegemewa. Naamini atakuwa hazina kubwa kwenu." Nikasaini, nikagonga muhuri.*

*Juzi ofisi ya utumishi ya kiwanda imenipigia simu. Wanasema barua ni nzuri ila haisemi alichofanya, niandike nyingine kabla ya Ijumaa ijayo. Mama, nimekwama. Kijana ni mzuri kweli, simpambi. Lakini kwetu sisi kazi ni daftari na mizani tu, hakuna mambo makubwa ya kusimulia. Na nikianza kutaja namba, si wataona namtungia? Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini.*

*Meneja wa AMCOS, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuacha namba ya simu. Bila yale mazungumzo yetu ya Jumapili, ambayo umeniruhusu niyaandike hapa bila kutaja AMCOS yako, ningekujibu kwa maneno matupu yanayofanana na ya barua yako.

Nianze na swali nililokuuliza kabla hatujafika mbali. Nilikwambia ufunike jina la kijana kwa kidole, usome barua, kisha uniambie kama ingemfaa pia karani aliyekuwepo kabla yake, yule aliyekuwa akichelewa na kupoteza stakabadhi. Ulicheka sana. Ukasema, "Mama, hata yeye nilimwandikia hiyo hiyo." Kiwandani hawakuyajua hayo, lakini waliyahisi. Barua inayomfaa karani mzuri na karani mzembe haimpi msomaji cha kuchagulia.

Usijilaumu sana. Wengi wetu tulijifunza kuandika barua hizi kwa kuangalia barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji: huyu ni mkazi wangu, namfahamu, ana tabia njema, tafadhali msaidieni. Barua ile ina kazi yake, nayo ni kusema mtu huyu ni nani na anatoka wapi. Kuna pia cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Hicho kinaeleza alikuwa nani kazini na kwa muda gani. Barua ya mapendekezo inaanzia hapo viwili hivyo vinapoishia. Anayeisoma ana waombaji wanne au watano wenye vyeti vinavyolingana, na anachotaka kujua ni mtu huyu alipokuwa mbele ya kazi alifanya nini, na kulitokea nini.

Nilipokuwa afisa utumishi, siku moja kwenye usaili tulikuta barua mbili za waombaji wawili, zimeandikwa na bosi mmoja kwa maneno yale yale, kasoro jina tu. Hatukumkata mtu kwa sababu hiyo. Tuliziweka barua zote mbili pembeni, tukaendelea kama vile hazikuletwa. Sifa tupu hufanywa hivyo: hazimharibii mwombaji, ila haziingii kwenye hesabu.

Sasa turudi kwenye simu yetu. Nilichukua neno lako la kwanza, "mchapakazi", nikakuuliza ulijuaje. Ukajibu kwamba msimu wa mavuno alikuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri. Jibu hilo ni zuri, lakini bado halijafika. Kuwahi ni juhudi, na juhudi bila kilichotokana nayo humwacha msomaji njiani. Walinzi nao wanakuwepo saa kumi na moja. Ndipo nikauliza tena: kuwahi kwake kulibadilisha nini? Ukanyamaza kidogo, halafu ukasema kitu ambacho kilistahili kuwa sentensi ya kwanza ya barua yako: "Malori yalipungua kurudishwa."

Hapo nilikuomba ufungue daftari, na hapo pia tulitaka kukosea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Namba ulizonisomea kwanza zilikuwa za kupendeza mno. Machi 2022, kijana akiwa ndiyo kwanza ameanza, malori 11 kati ya 36 yalirudishwa na kiwanda. Septemba 2023, yalirudishwa 2 kati ya 38. Ulifurahi, ukataka tuandike hivyo hivyo. Mimi nikakuuliza kuhusu mvua. Wewe ni mtu wa zabibu, unajua kuliko mimi: Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mara moja mvua zikiwa bado zinanyesha au ndiyo zinaishia, na mara ya pili wakati wa kiangazi. Zabibu za masika hunywa maji, sukari yake hushuka, na vichala huoza upesi. Za kiangazi huja na sukari yake hata kama karani amelala. Ukilinganisha Machi na Septemba unampa kijana sifa ya jua. Na anayesoma barua yako ni mtu wa kiwanda cha zabibu, atalijua hilo kabla hajamaliza mstari.

Basi tukalinganisha Machi na Machi. Machi 2023 yalirudishwa malori 5 kati ya 33. Namba zimepungua uzuri, lakini sasa zinasimama. Kutoka karibu moja katika kila matatu hadi chini ya moja katika kila sita, msimu ule ule wa mvua, kiwanda kile kile.

Likabaki swali gumu zaidi: ni yeye, au ni kitu kingine? Ulinikumbusha mwenyewe kwamba mwanzoni mwa 2023 mlipata kreti mpya za plastiki, na kreti nzuri hupunguza zabibu kupondeka njiani. Mtu mwenye haraka angelinyamazia hilo. Tulichofanya ni kutafuta sababu za kurudishwa, maana kila lori linaporudi kiwanda hutoa karatasi yenye sababu, na wewe, Mungu akubariki, unazihifadhi kwenye faili. Kati ya yale 11 ya 2022, manane yalirudi kwa sababu sukari ilikuwa chini ya 18 kwenye kipimo, matatu kwa kupondeka na kuoza. Kati ya yale 5 ya 2023, mawili yalikuwa ya sukari na matatu ya kupondeka.

Angalia vizuri hapo. Ya kupondeka hayakubadilika, matatu na matatu. Yaliyopungua ni ya sukari, kutoka manane hadi mawili, na kreti haiongezi sukari. Ni nini basi kilichobadilika kwenye sukari? Ukanisimulia habari ya kile kipimo kidogo cha mkononi kilichokuwa kimelala kwenye droo ya ofisi yako, kilichoachwa na mradi fulani, ambacho hakuna aliyejua kukitumia. Kijana alikitoa, akajifunza kukisoma, na kuanzia Agosti 2022 akawa anazunguka mashambani siku tano kabla ya tarehe ya kuvuna. Anachuma punje sehemu mbalimbali za shamba, za juani na za kivulini, za juu ya kichala na za ncha yake, kwa sababu kichala kimoja kizuri kinaweza kulidanganya shamba zima. Anazikamua, anaweka matone ya maji yake kwenye kioo, anafunika, anaelekeza kwenye mwanga na kusoma. Shamba likiwa chini ya 18, mkulima anaambiwa asubiri, na baada ya siku nne linapimwa tena. Machi 2023 daftari lake lina wakulima 46 waliopimwa hivyo.

Hiyo ndiyo kazi ya mikono yake, na imegusa pale pale ambapo namba zimeshuka. Kitendo chake na matokeo yake vinashikana. Ukiandika "malori yaliyorudishwa yalipungua" peke yake, msomaji atauliza kama si kreti au bei au bahati. Ukiandika "alipima sukari mashambani" peke yake, atauliza ilisaidia nini. Viandike pamoja, kimoja nyuma ya kingine. Mvua nayo hutofautiana mwaka hadi mwaka, na hilo hatuwezi kulitenganisha kwa daftari lako. Basi liseme, kwa sentensi moja. Uliogopa utaonekana unamtungia. Anayetunga hakiri kwamba mvua ilimsaidia.

Neno la pili lilikuwa "mwaminifu". Kwa mtu anayeomba kazi ya kusimama kwenye mizani ya kiwanda, neno hili lina uzito kuliko yote, na ndilo gumu kulithibitisha, kwa sababu uaminifu mara nyingi huonekana kwa mambo ambayo hayakutokea. Nilikuuliza kama kuna siku angeweza kunyamaza lakini akasema. Ukasita. Nikajua ipo.

Kumbe mlikuwa mnakata kilo 2 kwa kila kreti kama uzito wa kreti tupu. Wakala wa Vipimo walikuwa wameshakagua mizani yenu na ilikuwa sawa. Kosa halikuwa kwenye mizani, lilikuwa kwenye makato. Kijana alipanga kreti tupu 10 juu ya mizani, zikasoma kilo 14, yaani kilo 1.4 kwa kila moja. Mkulima aliyeleta kreti 30 alikuwa anapoteza kilo 18 za zabibu bila kujua, na ziada ilibaki kwenye mahesabu ya chama. Alikuletea jambo hilo wewe, si kwa kulitangaza kwenye foleni ya wakulima. Mkalipeleka kwenye bodi, makato yakabadilishwa, na waliopunjwa msimu ule wakarudishiwa tofauti.

Ulisema hilo halifai kuandikwa, litaaibisha chama. Nimelifikiria tangu Jumapili, na naona linafaa, kwa masharti mawili. La kwanza, mwambie mwenyekiti wako kabla barua haijatoka, maana ni jambo la bodi na muhuri ni wa chama. La pili, liandike kwa ufupi, kama kosa lililogunduliwa na kusahihishwa, bila hadithi. Chama kilichosahihisha makato na kurudisha fedha hakina cha kuficha. Mwenyekiti akikataa, liache, na ufute pia neno "mwaminifu". Usiliache lining'inie peke yake.

"Nidhamu ya hali ya juu" na "anashirikiana vizuri na wenzake" tulivitafutia mfano tukakosa wa maana, zaidi ya kwamba hakugombana na mtu. Vitoe. Najua mkono utasita, utaona kama umemnyima kijana sifa mbili. Hujamnyima. Sifa isiyo na mfano huwafanya watu wazitilie shaka hata zile zenye mfano zilizo jirani nayo.

Ila "wa kutegemewa" ilileta kitu ambacho hata wewe hukukiona kama sifa. Nilikuuliza nini kilitokea alipoondoka. Ukasema hakuna kilichotokea, kazi inaendelea, kwa sababu alikuwa ameshawafundisha vijana wawili wa wakulima kusoma kile kipimo, na mmoja wao ndiye anayepima sasa. Mwanangu, hilo ni kubwa. Wachapakazi wengi wakiondoka kazi inaanguka, na mabosi wao huwasifia kwa hilo kama vile ni jambo jema.

Kuna jambo moja ulitaka kuliongeza nikakukataza. Tangazo la kazi linataka mtu anayejua kutunza kumbukumbu kwa kompyuta, nawe ukasema, "Niandike tu anajua, kijana wa siku hizi atashindwaje?" Hujamwona akifanya. Chama chenu kinatumia daftari. Siku ya kwanza kazini watamweka mbele ya kompyuta, na ikitokea hajui, hata yale malori hawatayaamini tena. Sema ulichoona, na hapo ulipokuwa hujaona sema hujaona. Kijana mwenyewe ataeleza kwenye usaili kama alijifunza kwingine.

Nimekuandikia mfano kutokana na uliyonisimulia. Usiunakili kama ulivyo. Pitisha kila namba kwenye daftari kwanza, halafu uiseme kwa maneno yako. Jina la kijana, anwani na vichwa vya barua utaweka mwenyewe.

*YAH: MAPENDEKEZO KWA NAFASI YA AFISA UKUSANYAJI*

*Nilimsimamia moja kwa moja mwombaji huyu kuanzia Januari 2022 hadi Septemba 2023, akiwa karani wa mapokezi wa AMCOS yetu kwa misimu minne ya mavuno. Kabla yake nilikuwa nimewasimamia makarani wengine watatu katika nafasi hiyo.*

*Machi 2022, malori 11 kati ya 36 tuliyopeleka kiwandani yalirudishwa, manane kati yake kwa sababu ya sukari kuwa chini ya 18. Kuanzia Agosti 2022 mwombaji alianzisha utaratibu wa kupima sukari mashambani siku tano kabla ya kuvuna, kwa kipimo cha mkononi ambacho kilikuwepo ofisini bila kutumika. Mkulima ambaye zabibu zake zilikuwa chini ya kiwango alishauriwa kusubiri na kupimiwa tena baada ya siku nne. Machi 2023 aliwapimia wakulima 46. Msimu huo yalirudishwa malori 5 kati ya 33, na ni mawili tu yaliyorudi kwa sababu ya sukari. Mvua hutofautiana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sisemi kwamba badiliko lote ni kazi yake. Hata hivyo, malori yaliyorudishwa kwa kupondeka, ambayo kipimo chake hakikuyahusu, yalibaki matatu miaka yote miwili.*

*Aligundua pia kwamba chama kilikuwa kinakata kilo 2 kwa kila kreti, wakati kreti tupu zilikuwa na wastani wa kilo 1.4. Alinieleza jambo hilo yeye mwenyewe, akiwa na vipimo vya kreti 10 mkononi. Bodi ilisahihisha makato na wakulima wa msimu huo walirudishiwa tofauti.*

*Kabla ya kuondoka aliwafundisha vijana wawili kupima sukari. Mmoja wao anaifanya kazi hiyo hadi sasa.*

*Kumbukumbu zetu zote ni za daftari. Daftari lake la vipimo lilikuwa kamili, tarehe, shamba na kiasi, na ndilo nililotumia kuandika barua hii. Sijamwona akitumia kompyuta kazini, hivyo siwezi kulizungumzia hilo.*

*Kati ya makarani wanne niliowasimamia, yeye peke yake ndiye aliyebadilisha utaratibu wa kituo. Nafasi ikitokea hapa, nitamwajiri tena. Nipo tayari kujibu maswali kwa simu.*

Unaona neno "mchapakazi" halimo. Halimo "mwaminifu" wala "hazina". Msomaji atayasema mwenyewe akifika kwenye zile kreti 10.

Mstari wa makarani wanne nimeuweka makusudi. Mtu wa kiwanda hajui karani wa kawaida wa AMCOS yukoje. Wewe unajua, kwa hiyo mpe kipimo chako na umwambie kimetokana na watu wangapi. Ukiandika "bora kuliko wote" bila kusema wote ni akina nani, umerudi kule kule. Na ule mstari wa kumwajiri tena uweke ikiwa ni kweli tu, maana hilo ndilo swali watakalokuuliza kwanza wakipiga simu.

Nao watapiga. Kwa hiyo kabla hujasaini, bandika karatasi kwenye kurasa za daftari ulizozitumia na uandike juu yake namba za kurasa. Mwaka kesho ukiulizwa ule 11 kati ya 36 umeutoa wapi, usianze kukumbuka. Usiambatishe nakala za kurasa hizo kwenye barua. Zina majina ya wakulima na kilo zao, na hayo si ya kutembezwa kwenye meza za watu. Wakitaka kuhakikisha, waje ofisini waone.

Ulinidokeza mwishoni kwamba kijana amejitolea kuandika barua mwenyewe, wewe usaini tu. Huku kwetu ni kawaida, na simlaumu, ana haraka. Usikubali. Mwombe akuletee karatasi yenye mambo matatu anayoyakumbuka, na tarehe zake. Yeye atakumbuka mambo ambayo wewe hukuyaona, wewe utachagua yale unayoweza kuyashuhudia. Yale yasiyomo daftarini na ambayo hukuyaona kwa macho yako, yabaki kwa ajili ya usaili wake. Mweleze pia habari ya kompyuta kabla barua haijatoka, asije akakutana nayo mbele ya meza ya usaili.

Ijumaa ni karibu. Kesho asubuhi mwone mwenyekiti kuhusu zile kreti, kisha ukae na lile faili la karatasi za malori uhesabu upya, maana kwenye simu ulikuwa unahesabu huku unaongea na mkulima dirishani, na nilisikia mara mbili ukisema tisa kabla ya kusema manane.